"Nikumbuke" kwenye tovuti ya SACCOS: kuna kuki ya mwaka mzima, naitoaje bila wanachama kunijia juu?

fundi_wa_moro

Wakuu habari za saa hizi. Nimekabidhiwa mfumo wa SACCOS moja ya huku Morogoro, PHP na MySQL, aliyeujenga kashahamia nchi nyingine na hapatikani. Wanachama wanaingia kuangalia akiba, kuomba mkopo, kubadilisha namba ya simu ya kupokelea hela. Kwenye ukurasa wa kuingia kuna kale kakisanduku "Nikumbuke" na karibu kila mtu anakatiki, wengi wanatumia simu na hawataki kuandika pasiwedi kila mara.

Sasa nimefungua kodi nione kanafanyaje kazi nikakuta hiki:

```php
setcookie('kumbuka', $id . '|' . md5($row['password']), time() + 31536000);
```

Yaani namba ya mwanachama, halafu md5 ya ile hashi ya pasiwedi iliyopo kwenye databesi, kwa siku 365. Mtu akirudi, mfumo unasoma kuki, unapiga md5 tena, zikifanana anaingia. Na akibonyeza "Toka" kuki inafutwa kwenye brauza yake basi, kwenye seva hakuna kinachobadilika.

Bodi wanataka "Nikumbuke" ibaki, hilo halina mjadala. Mimi nataka ibaki lakini isiwe mlango wazi. Mngekuwa nyie mngeijenga vipi? Na ile sesheni ya kawaida iishe baada ya muda gani?

---

kodi_tamu

Mkuu hiyo ni ya kizamani sana, weka JWT. Unampa mtu tokeni imesainiwa na seva, ndani ina namba yake na tarehe ya mwisho, unaiweka localStorage, hakuna jedwali, hakuna kuuliza databesi kila saa. Haiwezi kughushiwa maana sahihi itakataa. Mimi naweka miezi sita na sijawahi kupata malalamiko.

---

bi_seva

fundi_wa_moro umefanya vizuri kufungua kodi kwanza. Kabla ya kusema ujenge nini ngoja nikuonyeshe hiyo laini moja ina ubaya gani hasa, maana wengi wanadhani tatizo ni md5 tu, wabadilishe iwe sha256 mambo yaishe. Hayaishi.

Chukua bakapu ya databesi yako, ile inayokaa kwenye flashi au kwenye kompyuta ya mhasibu. Pasiwedi zimehifadhiwa kwa bcrypt, safi, aliyeiba bakapu itamchukua muda mrefu kuzivunja. Lakini kwa kuki hii hana haja ya kuvunja kitu. Anachukua kolamu ya password ya mwanachama namba 118, anaipiga md5, anaandika `118|` na hiyo md5 mbele yake, anaibandika kwenye brauza yake, keshaingia. Kazi yote ya bcrypt imepitwa pembeni. Na ataendelea kuingia hata zile siku 365 zikipita, kwa sababu muda umeandikwa kwenye kuki ya brauza tu, seva yenyewe haijui kuki ilitolewa lini. Kitu pekee kinachoiua ni mwanachama kubadilisha pasiwedi, na wangapi hubadilisha?

kodi_tamu uko sawa kwamba JWT haighushiwi. Swali langu ni siku mwanachama anapiga simu anasema simu yangu imeibiwa nitoeni kwenye ile simu, utafanya nini? Tokeni iko nje, imesainiwa, ina miezi minne mbele, na seva haina mahali inapoiandika kwamba hii imekufa. Ukianza kuweka orodha ya zilizokufa ushajenga jedwali lile lile ulilokuwa unalikimbia. Septemba 2018 Facebook walipogundua tokeni zimevuja kupitia kipengele cha View As, waliweza kuzifuta zile za akaunti kama milioni 50 na kuongeza nyingine milioni 40 kwa tahadhari, watu wakajikuta wametolewa nje wakaingia upya. Waliweza kwa sababu seva ndiyo ilikuwa na neno la mwisho. Na localStorage inasomwa na skripti yoyote inayoendeshwa kwenye ukurasa wako, hata ile ya matangazo uliyobandika mwenyewe.

---

mama_mbogamboga

Samahani naingilia, mimi si mtaalamu. Simu yangu inaniuliza "hifadhi pasiwedi?" nikisema ndiyo inajijaza yenyewe. Ndiyo hiyo mnayoizungumzia? Maana mimi nimekubali kila mahali mpaka kwenye kikoba chetu, sasa naogopa.

---

bi_seva

Hapana mama, hiyo ni nyingine kabisa na usiogope. Hiyo ni simu yako inakukumbukia pasiwedi, tovuti haihusiki, na kama simu yako ina namba ya kufungulia ni njia nzuri tu. Sisi tunazungumzia tovuti kukutambua bila hata kuuliza pasiwedi.

Sasa nirudi kwa fundi. Tenganisha vitu viwili ambavyo aliyeujenga mfumo wako alivichanganya. Sesheni ni ya muda mfupi, ndiyo inayobeba kazi yote ukiwa ndani. "Nikumbuke" ni tokeni nyingine, kazi yake ni moja tu, kufungua sesheni mpya pale ya zamani ilipokufa. Haitakiwi kuwa na uhusiano wowote na pasiwedi, iwe namba ya bahati nasibu tupu, na iwe na vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kitambulisho cha kutafutia safu kwenye jedwali, cha pili ni siri. Kwenye jedwali unahifadhi kitambulisho kama kilivyo, siri unahifadhi hashi yake ya sha256 tu.

```sql
CREATE TABLE kumbuka (
  kitambulisho CHAR(24) PRIMARY KEY,
  hashi        CHAR(64) NOT NULL,
  hashi_kale   CHAR(64) NULL,
  ilibadilika  DATETIME NOT NULL,
  mwanachama   INT NOT NULL,
  mwisho       DATETIME NOT NULL
);
```

Kitambulisho ni `bin2hex(random_bytes(12))`, siri ni `bin2hex(random_bytes(32))`. Kuki inakwenda hivi:

```
Set-Cookie: __Host-kumbuka=KITAMBULISHO.SIRI; Max-Age=2592000; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax
```

Hizo sekunde ni siku 30. Lakini usiitegemee hiyo Max-Age, hiyo ni ombi kwa brauza tu. Anayeamua ni kolamu ya `mwisho` kwenye jedwali lako. Mwenye bakapu sasa anaona hashi ya siri, hawezi kurudi nyuma akapata siri, kwa hiyo hana cha kubandika. Hiyo `hashi_kale` nitaieleza, ndiyo yenye kazi.

---

kodi_tamu

Sawa nimekuelewa kwenye kufuta. Ila kama unahashi basi hashi kwa bcrypt kama pasiwedi, sha256 inavunjwa haraka sana na kadi za gemu.

---

bi_seva

Hapo uko nusu sawa. sha256 inavunjwa haraka pale kilichohashiwa kinaweza kubahatishwa, kama "juma1990". Binadamu anachagua kutoka kwenye vitu vichache, ndiyo maana pasiwedi tunaziwekea bcrypt ili kila jaribio liwe la polepole. Hapa siri ni baiti 32 za bahati nasibu, hakuna orodha ya kuanzia, kadi ya gemu iendeshe mpaka ichakae haitaifikia. sha256 inatosha na haikucheleweshi kwenye kila ombi. Ukishapata safu kwa kitambulisho, linganisha hashi kwa `hash_equals`, si kwa `==`.

---

nairobi_njia_panda

Niaje watu wa nguvu. bi_seva amesema poa lakini wacha niseme kitu ilitusumbua hapa kwetu, maana najua anaelekea kwa kubadilisha siri kila ikitumika.

Wazo lenyewe ni zuri. Kila wakati tokeni ikifungua sesheni, unampea mtu siri mpya na ile ya kwanza inakufa, kitambulisho kinabaki kile kile. Mwizi akinakili kuki na mwenyewe akaitumia kwanza, mwizi akija na siri ya zamani, seva inaona kitambulisho iko lakini siri si yenyewe, inajua kuna nakala mbili huko nje. Charles Miller aliandika juu ya tokeni za kutumika mara moja 2004, halafu Barry Jaspan 2006 akaongeza hiyo ya kitambulisho kisichobadilika ndio wizi uonekane. Sisi tukaiweka vile ilivyo. Wiki hiyo hiyo simu zikaanza kuingia, watu wanaambiwa "akaunti yako imeibiwa" na hakuna mtu ameiba kitu.

Sababu ya kwanza ilikuwa tabo. Mtu anafungua brauza asubuhi, inarudisha tabo tatu za jana za tovuti yetu, zote zinapiga seva kwa pamoja na kuki moja. Ya kwanza inapewa siri mpya, ya pili na ya tatu zinafika na siri iliyokufa. Kengele. Sababu ya pili ilitusumbua zaidi, netiweki. Mtu yuko kwa matatu anaingia mahali signo imeisha, ombi limefika kwa seva, seva imebadilisha siri, jibu likapotelea hewani. Simu bado iko na siri ya zamani. Akijaribu tena, kengele.

---

fundi_wa_moro

Hiyo ya pili ndiyo inayonitisha. Wanachama wangu wengine wako Kilosa, Gairo huko ndani, mtandao unakuja na kuondoka, bando linaisha katikati ya ukurasa. Nikiwaambia wameibiwa kila wiki bodi itanifukuza. Mlifanyaje mkuu?

---

nairobi_njia_panda

Tuliweka sekunde 60 za huruma. Siri ya zamani ikija ndani ya dakika moja tangu ibadilishwe, inakubaliwa. Tabo zikanyamaza. Za netiweki zikapungua lakini hazikuisha, sikuwahi kuelewa vizuri kwa nini, tukaishia kuongeza dakika zikawa tano.

---

bi_seva

Hazikuisha kwa sababu muda si dawa ya jibu lililopotea. Angalia kinachotokea. Jibu limepotea, mtu anajaribu tena baada ya sekunde 20, siri ya zamani inakubaliwa, anapata sesheni. Vizuri. Lakini siri mpya huwezi kumpa tena, kwenye jedwali una hashi tu, siri yenyewe ilitoka kwenye lile jibu lililopotea na haipo popote duniani. Kwa hiyo anaendelea na sesheni yake, simu ina siri ya zamani, kesho sesheni imekufa anarudi na siri ile ile, zile sekunde 60 zilipita jana, kengele inalia. Ungeweka dakika tano au saa moja matokeo ni yale yale.

Dawa yake ni seva isiiue siri ya zamani mpaka iione mpya ikirudi mikononi mwa mtu. Ndiyo kazi ya `hashi_kale`. Nifuate hatua kwa hatua na mwanachama mmoja, tumwite mama wa Gairo.

Anarudi asubuhi, sesheni hakuna, kuki ina siri A. Seva inalinganisha, A ndiyo iliyo kwenye `hashi`. Inatengeneza siri B na kuandika hivi:

```sql
UPDATE kumbuka
SET hashi_kale = hashi, hashi = :hashi_b, ilibadilika = NOW()
WHERE kitambulisho = :k AND hashi = :hashi_a;
```

Hiyo `AND hashi = :hashi_a` msiiache. Tabo tatu zikija pamoja ni moja tu itakayobadilisha safu, nyingine mbili zitaambiwa safu sifuri zimebadilika. Hizo mbili zisome safu upya, zitaona A sasa iko kwenye `hashi_kale` na `ilibadilika` ni sekunde moja iliyopita. Zipeni sesheni, msizipe siri nyingine. Ile tabo iliyoshinda ndiyo itakayoleta B, na kuki ni za brauza nzima si za tabo moja. Mkizipa zote siri mpya, ya mwisho kuandikwa kwenye jedwali inaweza isiwe ya mwisho kufika kwenye brauza, mmejitengenezea kengele ya uongo wenyewe.

Jibu la B likifika salama, ombi linalofuata la mama linakuja na B. Kwenye sesheni mpya weka alama kwamba inasubiri uthibitisho, ukiona B imerudi unafuta `hashi_kale` na kuondoa alama. Kuanzia hapo A imekufa kweli. Hilo linatokea kwenye mbonyezo wake wa pili tu, kwa hiyo A haikai hai muda mrefu.

Jibu la B likipotea, mama anarudi na A baada ya saa tatu. Seva inaona A iko kwenye `hashi_kale`, na `hashi_kale` bado haijafutwa, maana yake hakuna aliyewahi kuonekana na B. Hapo hakuna ushahidi wa wizi. Inatengeneza C, inaweka mahali pa B, A inabaki kwenye `hashi_kale` ikisubiri C ionekane. Mama hajui chochote kimetokea.

Sasa mwizi. Kanakili A, kaitumia kwanza, kapata B, kabonyeza ukurasa wa pili na B, `hashi_kale` imefutwa. Mama anakuja na A, haifanani na `hashi` wala hakuna ya zamani. Kengele ya kweli. Au mwizi kapata B na hakubonyeza tena, mama kaja na A kapewa C na kaithibitisha, mwizi akirudi na B haipo popote. Kengele pia. Kwa hiyo hujapoteza uwezo wa kumwona mwizi, umeondoa zile za uongo.

Nairobi, zile sekunde zako za huruma bado zinahitajika, lakini kwa ajili ya tabo tu, na 30 zinatosha.

---

nairobi_njia_panda

Manze. Hiyo ya B haipo tena popote ndio kitu hatukuona. Tulikuwa tunapimia dakika tu. Asante bi_seva, Jumatatu naipeleka kwa timu.

---

kafe_ya_stendi

Mimi naendesha intaneti kafe hapa stendi, kompyuta nane. Watu wanakuja kujaza fomu za chuo, ajira, SACCOS pia. Wanafunga brauza wanaondoka wakiamini wametoka. Anayekaa baada yake akifungua Chrome anakuta mtu yuko ndani bado, na hata ile "Nikumbuke" hakukatiki. Hiyo inakuwaje? Si mnasema kuki ya sesheni inakufa ukifunga brauza?

---

bi_seva

Umeuliza la maana sana. Chrome ikiwekwa "Continue where you left off" inarudisha tabo pamoja na kuki za sesheni, kwa hiyo kufunga dirisha hakuui kitu. Wewe mwenye kafe zima hiyo mipangilio, au waweke kwenye dirisha la faragha. Ila fundi asikutegemee wewe, seva yake ndiyo ihesabu muda.

Na asitegemee `session.gc_maxlifetime` ya PHP pia. Chaguo-msingi ni sekunde 1440, watu wanasoma wanasema basi sesheni inaisha kwa dakika 24. Hiyo ni ruhusa ya kufagia, si saa ya kumtoa mtu. Ufagio unapita kwa bahati, na kwenye tovuti yenye watu wachache faili la sesheni linaweza kukaa masaa. Andika mwenyewe ndani ya sesheni muda wa kuanza na muda wa ombi la mwisho, kila ombi likija angalia vyote viwili. Kwa SACCOS ningeweka dakika 15 za ukimya, na hata mtu asiponyamaza, masaa 8 iishe.

Halafu kisanduku kisiwe kimekatikiwa tayari. Na maneno yaandikwe "Nikumbuke kwenye simu hii, usitumie kwenye kompyuta ya watu wengi".

---

kodi_tamu

Kwa nini msifunge tokeni na IP? Ikija kutoka IP nyingine ikataliwe, mwizi kwisha.

---

nairobi_njia_panda

Mtu wa simu anabadilisha IP akitoka kwa wifi ya ofisi kuingia kwa bando, na tena watu wengi wa laini moja ya simu wanatoka na IP moja. Utawafungia wenyewe nje na mwizi mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo anaweza kupita. Iandike tu kwa ajili ya kumwonyesha mwanachama "ulitumia mara ya mwisho wapi", usiikatazie mtu nayo.

---

fundi_wa_moro

Nimeijenga kwenye seva ya majaribio na nimeipima namna hii, nawaandikia mtu mwingine asijebuni upya. Niliingia kwenye Firefox na "Nikumbuke", nikafungua zana za developa, nikanakili thamani ya `__Host-kumbuka`, nikaibandika kwenye Chrome. Nikafuta faili za sesheni kwenye seva. Firefox nikafungua ukurasa, ikaingia, nikabonyeza ukurasa wa pili, kwenye jedwali `hashi_kale` ikawa NULL. Nikaenda Chrome na ile nakala ya zamani, ikagoma na kengele ikaandikwa. Halafu nikapima jibu kupotea, nikaweka `exit` mara tu baada ya UPDATE na kabla ya setcookie, nikafungua ukurasa, nikaiondoa `exit`, nikasubiri zaidi ya zile sekunde 30, nikafungua tena na kuki ile ile. Ikapita, siri mpya ikatoka, hakuna kengele.

Sasa nina maswali mawili. Kengele ikilia nifute safu ile moja au zote za mwanachama? Na aliyeingia kwa kukumbukwa aruhusiwe kufanya nini?

---

bi_seva

La pili kwanza. Sesheni iliyofunguliwa na tokeni iwe na alama kwamba huyu hajaandika pasiwedi. Aone akiba, aone taarifa, asome matangazo. Kuomba mkopo, kubadilisha pasiwedi, na hasa kubadilisha namba ya simu ya kupokelea hela, aulizwe pasiwedi hapo hapo, na jibu lake lidumu dakika 5 basi. Hiyo ndiyo inayokuokoa pale kengele isipolia, maana kuna pale haitalia. Mwanachama aliyeibiwa kuki asiporudi kabisa, hakuna wa kugongana na mwizi, mwizi ataitumia mpaka `mwisho` ifike. Ndiyo maana unapobadilisha siri usisogeze `mwisho` mbele, siku 30 zihesabiwe tangu alipoandika pasiwedi. Na kama simu au kompyuta yenyewe ina virusi vya kuiba kuki, ile HttpOnly inayozuia skripti za ukurasa kusoma kuki haisaidii, vinasoma faili la brauza moja kwa moja na vinachukua iliyo mpya kabisa.

La kwanza, mimi nafuta zote na sesheni zote, namtumia meseji.

---

nairobi_njia_panda

Hapo sikubaliani. Akipata mtu anajua vitambulisho, tuseme kuna shimo la SQL la kusoma jedwali, anaweza tuma siri za uongo kwa kila kitambulisho na akatoa wanachama wote nje kila saa. Futa hiyo safu moja na sesheni zilizozaliwa nayo, nyingine uziache.

---

bi_seva

Mwenye shimo la kusoma jedwali ana mambo makubwa zaidi ya kufanya kuliko kuwatoa watu nje. Na aliyeibiwa kuki ya simu labda kaibiwa na ya kompyuta pia. Nabaki na yangu kwa mfumo wenye hela, ila hoja yako kwa tovuti ya kawaida naikubali.

---

fundi_wa_moro

Mimi nafuta zote, ni hela za watu. "Toka" sasa inafuta safu kwenye jedwali, kubadilisha pasiwedi kunafuta safu zote. Kuki ya zamani sihamishi, nimeondoa kodi inayoisoma na jina ni jipya, kila mtu ataandika pasiwedi mara moja. Nitaipandisha katikati ya mwezi, mwisho wa mwezi wanajaa kuangalia makato.

---

kafe_ya_stendi

Na mume na mke wenye simu moja? Huku wako wengi. Mke kakatiki, mume akifungua anaona akiba ya mke.

---

fundi_wa_moro

Hilo sina jibu kaka. Nafikiria PIN fupi kabla ya kuonyesha salio, lakini wataanza kusema basi kukumbukwa kuna faida gani. Mwenye wazo aseme.

---

nairobi_njia_panda

Kitu moja ya mwisho kabla upandishe. Umesema kengele inaandikwa, inaandika nini? Sisi tulikuwa tunamwaga `$_COOKIE` yote kwa logi ya makosa, tokeni nzima na siri yake iko pale kwa maandishi. Oktoba 2023 Okta, kampuni ya huduma za kuingia kwa mifumo, waliingiliwa kwenye mfumo wao wa kuhudumia wateja, wavamizi wakatoa tokeni za sesheni kwenye faili za HAR, zile rekodi za mawasiliano ya brauza na tovuti, ambazo wateja walikuwa wamezipakia kuomba msaada.

---

fundi_wa_moro

Nimeenda kupiga `grep -r "kumbuka" /var/log` sasa hivi. Logi ya makosa ya mfumo wa zamani ina kuki za wanachama ndani, ile `id|md5` nzima. Naibadilisha iandike kitambulisho, muda na IP tu, na hizo logi za zamani nazifuta pamoja na nakala zake kabla sijapandisha kitu.